Kupunguza fizi kwenye picha ya kicheko: unavuta nini, unaishia wapi

Wiki iliyopita kaja bibi harusi hapa studio Mwanga, kashika picha yake iliyopigwa jioni kule Kibirizi, ziwa lipo nyuma, kacheka kweli kweli mpaka macho yamefunga nusu. Akaniambia, "Kaka, hizi fizi nipunguzie kidogo, ila nibaki mimi." Nitaitumia picha hiyo hiyo kuwaelekeza.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kukopi meno na kuyavuta juu yafunike fizi, matokeo yake meno yanakuwa marefu na mtu anapata sura ya mwingine kabisa. Meno usiyaguse. Mtu akicheka ni mdomo wa juu uliopanda, kwa hiyo kazi yako ni kuurudisha chini kidogo, basi.

Hatua ya 1. Fungua picha kwenye Photoshop, bonyeza `Ctrl+J` upate leya ya pili, right click juu yake uchague `Convert to Smart Object`, hapo hata kesho utaweza kurudi kurekebisha. Kabla hujavuta chochote chukua `Ruler Tool` upime. Kwa huyu dada jino la mbele lilikuwa pikseli 60, fizi juu yake 30, na kutoka chini ya pua mpaka mwanzo wa mdomo 90. Ziandike pembeni, maana ukishakaa na picha dakika kumi jicho linazoea na linaanza kukudanganya.

Hatua ya 2. Bonyeza `Shift+Ctrl+X`, Liquify inafunguka. Bonyeza `F` upate `Freeze Mask`, paka meno yote ya juu na matundu ya pua, yatakuwa mekundu, maana yake yamefungwa hayasogei. Fizi usizipake. Mdomo ukishuka wakati meno yamefungwa, fizi ndo inabanwa katikati na kupungua, jino linabaki na umbo lake.

Hatua ya 3. Bonyeza `W`, hiyo ni `Forward Warp`. Brashi iwe kubwa, ienee ngozi ya juu ya mdomo pamoja na mdomo wenyewe, mimi niliweka 150, na `Pressure` 25. Brashi ndogo inaufanya mdomo uwe na mawimbi, na ukishaona wimbi usihangaike kulinyoosha, rudi nyuma uanze upya. Anzia katikati chini ya pua, sukuma chini kidogo kidogo, halafu fuata mkunjo wa mdomo kulia na kushoto mpaka juu ya meno ya chonge, maana pale fizi nayo huonekana sana na wengi wanapasahau. Pembe za mdomo ziache kabisa, zikishuka tu kicheko kinakuwa huzuni.

Sasa pa kuishia. Niliposhusha pikseli 18, fizi ikabaki kama 12, picha ilikuwa nzuri. Nikaendelea mpaka 26, na hapo mambo matatu yakajitokeza kwa pamoja. Fizi iliyobaki ikawa uzi mwekundu uliokolea juu ya meno, kama damu. Ule mfereji wa chini ya pua ukanyooka ukawa mrefu, akaonekana kama mdomo umevimba. La tatu ndo kubwa zaidi, mashavu yake yalikuwa bado yamepanda na macho yamebanwa na kicheko, lakini mdomo umetulia kama wa mtu anayetabasamu tu kwa heshima, yaani uso haukubaliani wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa nje hatajua umefanya nini ila atahisi kuna kitu hakipo sawa.

Kurudi nyuma usipunguze `Opacity` ya leya, utapata midomo miwili, mmoja kivuli cha mwenzake. Ukiwa bado ndani ya Liquify bonyeza kitufe cha `Reconstruct`, shusha slaida taratibu. Mimi niliishia 65, mdomo ukarudi karibu na pale pa 18. Halafu toa zoom mpaka picha iwe saizi ya kuprinti, zima na kuwasha kisanduku cha `Preview` humo humo kwenye Liquify: kama unaona mdomo unaruka, bado umezidisha, kama unaona tu uso umetulia, bonyeza OK.

Fizi ikiwa ndefu kuliko jino lenyewe usilazimishe, huwezi kushusha mdomo kiasi hicho bila kuharibu pua. Hapo namwomba mpiga picha frame zinazofuata, mara nyingi ile ya pili au ya tatu mdomo umeshashuka wenyewe na macho bado yanacheka. Na picha za paspoti au kitambulisho hizi hatua hazihusu, hizo uso unabaki kama ulivyo.