Mchoro wa Hasse hatua kwa hatua: usidanganywe na namba kubwa

Juzi nilikaa na mdogo wangu, yuko mwaka wa kwanza, ana asaimenti ya mpangilio nusu na kila akichora mchoro unatoka kama wavu wa samaki. Tulitumia seti hii: 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18, 40, na uhusiano wetu ni "inagawa", yaani 4 iko chini ya 12 kwa sababu 12 inagawanyika kwa 4 bila baki.

Hatua ya 1. Hakikisha kweli ni mpangilio nusu. Kila namba inajigawa yenyewe, namba mbili tofauti haziwezi kugawana pande zote mbili, na a ikigawa b, b ikigawa c, basi a inagawa c. Imetosha. Unaitwa nusu kwa sababu kuna namba kama 4 na 9 ambazo hakuna iliyo chini ya mwenzake, na hilo halina tatizo.

Hatua ya 2. Orodhesha jozi zote za chini na juu. Zinatoka 14.

Hatua ya 3. Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima enzi zangu, kwa hiyo twende taratibu. Hatuchori jozi zote 14, tunachora majirani tu, yaani jozi ambazo hakuna namba nyingine ya seti iliyokaa katikati yao. Chukua 2 na 12: katikati kuna 4, maana 2 inagawa 4 na 4 inagawa 12, basi mstari wa 2 hadi 12 unafutwa. Zinaondoka hivyo hivyo 2 na 18 (katikati kuna 6), 2 na 40 (kuna 4), 3 na 12 (kuna 6), 3 na 18 (kuna 6 na pia 9). Zimefutwa tano, zimebaki tisa.

Kosa langu lilikuwa kwamba nilishika kanuni ya mkato niliyoisikia kwa wenzangu, kwamba majirani ni wale tu ambao ukigawa kubwa kwa ndogo unapata namba tasa. Angalia 4 na 40: jibu ni 10, siyo tasa, kwa hiyo nilikuwa naufuta mstari na 40 inabaki inaelea peke yake juu. Lakini kilichoweza kukaa katikati ni 8 au 20, na zote mbili hazimo kwenye seti yetu! Kwa hiyo 4 na 40 ni majirani kabisa. Kanuni ya tasa inafanya kazi ukichukua vigawanyo vyote vya namba moja, seti ikiwa na mapengo inakuangusha. Swali ni lile lile kila mara: je, kwenye SETI HII kuna mtu katikati?

Ukitaka kuhakiki:

```
A = [2, 3, 4, 6, 9, 12, 18, 40]
R = [(a, b) for a in A for b in A if a < b and b % a == 0]
C = [(a, b) for a, b in R
     if not any((a, c) in R and (c, b) in R for c in A)]
print(len(R), len(C))
```

Lazima ikupe 14 na 9. Ila kuchora chora kwa penseli na karatasi ya vibox, programu za kuchora zinakupangia ovyo na hujifunzi kitu.

Hatua ya 4. Chini weka 2, 3. Juu yake 4, 6, 9. Juu kabisa 40, 12, 18 kwa mpangilio huo kutoka kushoto, yaani 40 iwe juu ya 4, na hapo hakuna mistari miwili inayokatana. Mishale haihitajiki, chini ni chini.

Hatua ya 5. Soma mchoro. Maksimali ni namba isiyo na mstari wa kupanda: 40, 12, 18. Minimali haina mstari wa kushuka: 2 na 3. Mdogo wangu akaandika kwamba 40 ndiyo ya juu kuliko zote maana ndiyo kubwa, hapana! Ya juu kuliko zote lazima iwe juu ya kila mmoja, na 9 haigawi 40. Kwa hiyo hapa ya juu kuliko zote haipo, na ya chini kuliko zote pia haipo, kwa sababu 2 haigawi 3.

Sasa ongeza 1 na 360. Zote nane zinaigawa 360, kwa hiyo inakuwa ya juu kuliko zote na maksimali pekee, na 1 inakuwa ya chini kuliko zote. Mistari inafika 14.

Ukirudi kwenye seti ya mwanzo ukaweka 7, inakaa peke yake bila mstari wowote, na wengi wanairuka. Hiyo 7 ni maksimali NA minimali kwa pamoja, iandike sehemu zote mbili. Ukiongeza na 1 hapo, 7 inabaki maksimali lakini minimali siyo tena, kwa sababu sasa ina mstari wa kushuka.