Somo: Kukodi au kununua ekskaveta, katika vitabu na katika kodi ya mapato

Somo hili linahusu kampuni ya ujenzi ya Tanzania Bara inayofuata viwango kamili vya kimataifa vya taarifa za fedha. Tuchukue ekskaveta ya shilingi milioni 240 kabla ya VAT, na mwaka wa hesabu unaoanza Januari.

Hatua ya 1: Soma mkataba, usiishie kwenye kichwa chake. Mkataba ulioandikwa "ukodishaji" unaweza kuhesabiwa kuwa ununuzi kwa ajili ya kodi. Hutokea hivyo, kwa mfano, pale umiliki unapohamia kwa mkodishwaji mwishoni, pale anapokuwa na haki ya kuinunua mashine kwa bei iliyokwisha kupangwa, au pale muda wa mkataba unapozidi asilimia 75 ya maisha ya mashine. Mkataba wa namna hii ndio karadha, na tutaurudia katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Ukinunua. Ingiza milioni 240 kwenye mali za kudumu. Tukikadiria kwamba mashine itafanya kazi miaka 8 bila thamani ya masalio, uchakavu wa vitabuni ni milioni 30 kila mwaka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiutambui uchakavu huo. Mitambo ya ujenzi na ya kuchimba udongo imo katika daraja la kwanza, ambalo hupunguzwa kwa asilimia 37.5 ya salio: milioni 90 mwaka wa kwanza, milioni 56.25 mwaka wa pili, na kuendelea. Katika hesabu ya kodi, basi, unarudisha zile 30 kwenye faida na kutoa 90. Tofauti ya milioni 60 kwa kiwango cha asilimia 30 inazaa kodi iliyoahirishwa ya milioni 18, ambayo ni dhima kwenye mizania. VAT ya asilimia 18, yaani milioni 43.2, hulipwa yote mwanzoni. Aliyesajiliwa huidai kwa risiti ya EFD, lakini fedha hizo lazima ziwepo siku ya malipo.

Hatua ya 3: Ukikodi kwa kawaida. Tuseme ni miaka 3, milioni 60 kila mwisho wa mwaka, bila haki ya kununua, na riba ya mkopo wako ni asilimia 15. Tangu 2019, kiwango cha IFRS 16 kinakutaka uziweke ada hizo kwenye mizania kwa thamani yake ya leo, ambayo ni takriban milioni 137: upande mmoja haki ya kutumia mali, upande wa pili dhima ya ukodishaji. Mwaka wa kwanza gharama ya vitabuni ni uchakavu wa milioni 45.7 na riba ya milioni 20.5, jumla milioni 66.2. Kwa kodi, kinachotolewa ni ada ya milioni 60. Mwaka wa tatu mambo yanageuka, kwa kuwa riba imeshuka na gharama ya vitabuni ni milioni 53.5 tu. Ndiyo maana jedwali la ulinganisho huandaliwa kwa miaka yote mitatu kwa pamoja.

Hatua ya 4: Ikiwa ni karadha. Kwa kodi, wewe ndiye mmiliki. Unapata uchakavu wa asilimia 37.5, na kila malipo yanagawanywa kuwa riba, ambayo hutolewa kwenye mapato, na marejesho ya deni, ambayo hayatolewi. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kutoa malipo yote na uchakavu juu yake. Linaonekana upesi: mashine imo kwenye jedwali la uchakavu wa kodi, na "ada ya mashine" nayo imo kwenye gharama.

Maswali ya wanachama

*Sisi hulipa kwa saa, kufuatana na mita ya mashine. Dhima tunaikadiriaje?*
Malipo yanayotegemea matumizi hayaingizwi kwenye dhima. Yaandike kuwa gharama kadiri saa zinavyotumika. Hata hivyo, mkataba ukiweka saa za chini ambazo mtalipa hata mashine ikisimama, sehemu hiyo inaingia. Ujira wa opareta uutenge, kwa kuwa hiyo ni huduma.

*Mkataba wetu ni wa miezi 10. Je, nao unaingia kwenye mizania?*
Si lazima. Mkataba usiozidi miezi 12 unaweza kuandikwa kuwa gharama ya kawaida, mradi usiwe na haki ya kununua.

*Tuliinunua, na baada ya miaka miwili tunataka kuiuza kwa milioni 130. Tunapata hasara, kodi inatoka wapi?*
Vitabuni thamani iliyobaki ni milioni 180, hivyo hasara ni milioni 50. Kwa kodi salio ni milioni 93.75 tu. Ikiwa hiyo ndiyo mali pekee katika daraja lenu, milioni 36.25 zinazozidi ni mapato yanayotozwa kodi, na ile hasara ya 50 inarudishwa kwenye faida. Kama daraja lina mali nyingine, bei ya mauzo hupunguza salio la pamoja, na mapato hutokea tu bei hiyo ikilizidi.