Mtoto Mchanga Akigeuka Manjano: Namna ya Kumkagua Nyumbani

Anza na saa kabla ya rangi. Fungua kitabu cha kliniki uone mtoto alizaliwa saa ngapi. Manjano yakitokea kabla hajatimiza saa 24, usikague zaidi, nenda hospitali hata kama ananyonya vizuri. Mara nyingi damu yake inavunjika kwa kasi, pengine kwa sababu haipatani na ya mama. Manjano ya kawaida huanza siku ya 2 au ya 3, na kwa mtoto aliyetimiza miezi huisha ndani ya wiki mbili.

Hatua ya pili ni mwanga. Mlete dirishani mchana, mbali na pazia la rangi. Taa ya ndani hudanganya. Ngozi zetu nyeusi huficha, kwa hiyo usiutegemee uso. Kwa kidole safi bonyeza ufizi kidogo, uachie, utazame pale palipoparara kabla damu haijarudi. Kisha weupe wa macho, halafu viganja na nyayo. Manjano huanzia kichwani na kushuka. Yakifika nyayoni, hiyo ni dharura. Lakini nyayo safi si kibali cha kukaa nyumbani. Jicho halipimi bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na damu inayovunjika; damu ndiyo hupimwa. Ufizi ukiwa wa manjano, apimwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu, hesabu. Anyonye angalau mara 8 kwa saa 24, na kuanzia siku ya 5 alowanishe nepi 6 au zaidi kwa siku. Bilirubini hutoka kwa choo. Asiyenyonya hapati choo cha kutosha, nayo hurudi damuni. Maji ya glukosi hayasaidii, yanajaza tumbo tu.

Chukua mtoto wa Likoni aliyezaliwa Jumatatu saa mbili usiku. Jumatano saa mbili asubuhi, akiwa na saa 36, ufizi una manjano, nyayo ni safi, ananyonya. Anapelekwa kupimwa, kipimo hakijafikia cha kuwekwa chini ya taa ya tiba, anaambiwa arudi kesho. Asiporudi, na Alhamisi usiku nyayo zimegeuka, naye analala titi likiwa mdomoni, hasubiri kukuche. Avushwe feri usiku huo huo kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, akinyonyeshwa njiani. Kilio chembamba, mgongo kujipinda au joto la 37.5 na zaidi ni haraka vilevile, maana bilirubini ikiingia kwenye ubongo huleta madhara ya kudumu.

Bibi atasema mwanikeni juani. Jua halina kipimo, linamchoma na kuwapotezea saa. Taa za buluu za hospitali ndizo zinazotibu.

Na zile nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya nafthalini, msimvike. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, si jambo geni Pwani, na kwa mtoto aliye nao nafthalini huvunja damu.

Wiki mbili zikipita na manjano yapo, tazama nepi. Choo cheupe kama chokaa, na mkojo unaoacha doa la manjano, huashiria njia ya nyongo imeziba. Apelekwe siku hiyo, kwani upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60.