Namna ya kujibu swali la ufahamu ambalo jibu lake halikuandikwa

Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda hukutana na Kiswahili darasani wakiwa tayari wana lugha ya nyumbani na Kiingereza. Wakipewa ufahamu, hutafuta maneno ya swali ndani ya kifungu, na wakiyaona hunakili sentensi nzima. Kwa maswali ya wazi njia hiyo inatosha. Swali likiuliza kinachodokezwa, inawaangusha: ama wananakili sentensi isiyojibu kitu, ama wanakiacha kifungu kabisa na kuanza kubuni. Kosa la pili ndilo gumu zaidi kuliondoa, kwa hiyo nitakaa nalo kwa muda mrefu.

Tutatumia kifungu hiki kifupi nilichokitunga:

> Teksi ya mwisho ya kwenda Masaka ilikuwa imebakiza viti viwili. Nakato alifika paki akihema, viatu vyake vimeganda tope ingawa lami ya pale ilikuwa kavu. Kondakta akamwuliza, "Dada, unakwenda?" Nakato akafungua mkoba, akahesabu noti zake, akazihesabu mara ya pili, kisha akasema, "Nitasubiri ya asubuhi." Mama muuza chai alimsogezea kiti kabla hajaombwa. "Pole, mwanangu," akasema. "Leo umekwama tena."

Hatua ya 1: Angalia swali linaomba nini

"Taja", "orodhesha" na "kulingana na kifungu, ni nani…" kwa kawaida huomba kilichoandikwa. "Kifungu kinadokeza nini", "inaonekana kwamba" na "unafikiri ni kwa nini" huomba kisichoandikwa. Maswali ya "kwa nini" hayana upande: sababu ikiwa imetajwa, swali ni la wazi, isipotajwa, ni la udokezi. Hapo hatua inayofuata ndiyo itakayoamua.

Hatua ya 2: Weka kidole juu ya jibu

Jaribu kuonyesha kwa kidole maneno yanayolijibu swali peke yao. "Teksi ilikuwa imebakiza nafasi ngapi?" Kidole kinatua kwenye "viti viwili", basi. Mtahini akibadilisha maneno na kuuliza kama gari lilikuwa limejaa, bado kidole kinatua palepale. Kubadilisha maneno hakugeuzi swali kuwa la udokezi, na wanafunzi wazuri hupoteza dakika nyingi wakitafuta siri mahali pasipo na siri.

Sasa uliza: "Kwa nini Nakato hakupanda teksi?" Kidole kinazunguka. Hakuna sentensi inayosema sababu. Hili ni la udokezi.

Hatua ya 3: Kusanya ishara, halafu andika sentensi iliyorukwa

Usitosheke na ishara moja. Viti vilikuwepo, kwa hiyo kukosa nafasi si sababu. Alifika akihema, maana yake alikuwa akiiwahi teksi hiyo. Hakughairi safari kwa kupenda. Alihesabu noti mara mbili, na jibu lake likaja baada ya kuhesabu, si kabla. Muuza chai naye anasema amekwama.

Kati ya ishara hizi na jibu pana sentensi ambayo mwandishi ameiruka kwa sababu anaamini msomaji anayo kichwani. Wanafunzi wangu huwa nawaagiza waiandike pembeni kwa penseli: "Mtu anayekimbilia gari, akahesabu pesa mara mbili, kisha akakataa kupanda, yaelekea nauli imempungukia." Sentensi hiyo ikiandikwa, mwalimu na mwanafunzi wote wawili wanaiona na wanaweza kuipima. Ikibaki kichwani, mwanafunzi hutetea jibu lake kwa kusema tu kwamba ndivyo anavyoona.

Hatua ya 4: Likanushe jibu lako, kisha usome tena

Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote. Chukua jibu lako, ligeuze liwe kinyume, ulichomeke ndani ya kifungu. "Nakato alikuwa na nauli kamili." Soma upya. Sasa kuhesabu mara mbili hakuna kazi, kukataa kupanda hakueleweki, na "umekwama" imebaki bila maana. Kifungu kimevurugika, kwa hiyo jibu la nauli lina mizizi ndani yake.

Fanya hivyohivyo kwa jibu ambalo darasani halikosekani: "Nakato aliibiwa pesa." Kinyume chake ni "Nakato hakuibiwa". Chomeka, soma. Hakuna kilichobadilika, kila sentensi inakaa vizuri kama mwanzo. Basi wizi haukudokezwa. Unawezekana, hata mjini hutokea, lakini umetoka kwa msomaji. Tofauti kati ya kinachowezekana na kinachodokezwa iko hapo.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinatupa maelezo yanayokifaa kifungu kuliko mengine, hakitupi uhakika. Ndiyo maana jibu liandikwe kwa "yaelekea" au "inaonekana", likifuatwa na ushahidi: "Yaelekea nauli haikumtosha, kwa sababu alihesabu noti zake mara mbili ndipo akakataa kupanda ingawa viti vilikuwepo." Ukitaja ushahidi mmoja au miwili inatosha.

Hatua ya 5: Chunga maneno madogo

Kiswahili hubeba udokezi mwingi ndani ya maneno ambayo jicho huyaruka. "Tena" katika "umekwama tena" inatuambia kwamba Nakato amewahi kukwama, na kwamba muuza chai anajua. Lakini inaishia hapo. Katika maswali ya kuchagua utakuta chaguo kama "Nakato hukwama kila siku", na wengi hulichagua. "Tena" huhitaji mara moja tu iliyotangulia. "Kila siku" imeongezwa. Chaguo lenye "kila", "wote", "kamwe" au "lazima" lipime mara mbili.

Kiambishi -nge- nacho kina kazi kama hiyo. Mtu akisema "Angekuwa na nauli, angeondoka", amekwisha kukuambia mambo mawili bila kuyataja: nauli hana, na hajaondoka.

Hatua ya 6: Jua kiasi gani cha maarifa yako uruhusiwe kutumia

Msomaji kutoka Buganda akiona jina Nakato hufikiria pacha, kwa kuwa ndilo jina la pacha wa kike anayezaliwa wa pili, na Babirye ni la wa kwanza. Je, kifungu kinadokeza kwamba ana pacha? Jina limeandikwa, na desturi hiyo inajulikana na watu wengi, kwa hiyo si ubunifu mtupu. Hata hivyo, mtoto anaweza kupewa jina hilo kwa ajili ya bibi yake, na hakuna ishara ya pili kifunguni ya kuliunga mkono. Mimi ningelipokea jibu hilo kama swali limeuliza kuhusu jina lenyewe. Ningelikataa likitumika kueleza safari, kwa mfano kwamba alikuwa anakwenda kumwona pacha wake Masaka.

Jipime

Amua kama kila kauli imeandikwa, imedokezwa au haimo, kisha uendelee kusoma.

(a) Muuza chai anamfahamu Nakato.
(b) Kabla ya kufika paki, Nakato alipita mahali penye tope.
(c) Siku hiyo mvua ilinyesha Kampala.

(a) imedokezwa: kiti kabla hajaombwa, na "tena". "Mwanangu" isikupoteze, mama yeyote mwenye umri humwita hivyo kijana asiye wake. (b) imedokezwa pia, kwa kuwa viatu vina tope na lami ya pale ni kavu. (c) haimo. Tope laweza kutoka kwenye bomba lililopasuka au pembeni mwa kinamasi, na ukirudi kusoma utaona kwamba kifungu hakikutaja Kampala popote.