Mgeni akiuliza, "Amesema nini?"

Waongoza watalii wenzangu wa Arusha, hili mnakutana nalo: konda na bodaboda wamekwaruzana pale stendi, konda kafoka "Mbwa wewe!", na mgeni anataka tafsiri. Ukimpa neno kwa neno, anaweza hata kutabasamu. Kwao mbwa hulala ndani na watoto, na mwanamume akiitwa hivyo na rafiki zake mara nyingi ni utani wa kumsifia ujanja kwa wanawake. Kwetu mbwa ni wa nje, hana haya, ndiyo maana linauma.

Tusi la mama ndilo gumu zaidi. Ukikitaja kile kiungo kwa Kiingereza cha hospitali, unasikika kama daktari anayejaza fomu. Ukichukua neno lao la mtaani, umeshika tusi lao zito kabisa, kumbe konda alijigonga kidole tu.

Mimi huwatazama waliosimama karibu. Wakiendelea kutafuna mahindi yao, namwambia mgeni, "Kakasirika, analaani tu." Wakinyamaza na mtu akavua koti, nasema, "Amemtukania mama yake, na hapa watu hupigana kwa hilo." Halafu tunasogea.