Kima cha chini kutoka 300,000 hadi 500,000: jinsi ya kulinganisha hela za miaka tofauti bila kujidanganya

Kuna swali huwa nawapa vijana wanaokuja kujifunza hesabu za mishahara kwangu, na karibu wote wanaliangukia. Swali ni hili: kima cha chini cha mtumishi wa umma Tanzania kilikuwa 300,000 mwaka 2015, Julai 2022 kikawa 370,000, je huyu mtumishi aliongezewa kiasi gani? Mtu anachukua simu, anagawa, anapata asilimia 23.3, anaandika jibu na kukaa pembeni. Na asilimia 23.3 ndo ile ile iliyotangazwa Mei 2022, kwa hiyo anajiona kapatia kabisa.

Kwenye karatasi kapatia, ila shilingi ya 2015 na shilingi ya 2022 si kitu kimoja japo zina jina moja. Ni sawa na kupima shamba moja kwa hatua za mtoto na lingine kwa hatua za mtu mzima, alafu unasema hili lina hatua nyingi basi ndo kubwa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha lazima zote ziwe hela za mwaka mmoja, na hapa chini naonyesha navyofanya mimi, kwa mfano huu huu mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: tafuta mfumuko wa bei wa kila mwaka wa katikati

Siyo mwaka wa kwanza na wa mwisho tu, kila mwaka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, inatoa wastani wa mfumuko wa mwaka mzima, na kwa kipindi chetu ni hivi: 2016 asilimia 5.2, 2017 ni 5.3, 2018 ni 3.5, 2019 ni 3.4, 2020 ni 3.3, 2021 ni 3.7 na 2022 ni 4.3.

Ona tumeanzia 2016 na siyo 2015, hapa wengi wanateleza. Mfumuko wa 2016 unakwambia bei zilipanda kiasi gani kutoka 2015 kwenda 2016, kwa hiyo ukiingiza na ule wa 2015 utakuwa umehesabu hatua ya kutoka 2014, ambayo haikuhusu. Kutoka 2015 hadi 2022 ni hatua saba, na namba ni saba. Zikiwa nane ujue umezidisha.

Kitu kingine, mfumuko ukishuka haimaanishi bei zimeshuka. Kutoka 5.3 kwenda 3.5 maana yake bei zinaendelea kupanda ila kwa mwendo mdogo zaidi. Nimeshaona mtu anatoa ule wa 2018 kwa sababu eti "ulishuka", jamani.

Hatua ya pili: zidisha, usijumlishe

Ukijumlisha zile namba saba unapata 28.7 na utaona imeisha, kumbe bado, kwa sababu kila mwaka bei inapanda juu ya ile iliyokwisha kupanda mwaka jana. Kama unga ulipanda mwaka huu, asilimia ya mwakani inakula kwenye bei mpya, siyo ya zamani. Kwa hiyo kila asilimia unaigeuza kuwa kizidisho, 5.2 inakuwa 1.052, 5.3 inakuwa 1.053, alafu unazizidisha zote. Kwenye Eksel weka namba saba kuanzia A2 hadi A8, B1 andika 1, alafu B2 weka hii na uivute chini mpaka B8:

```
=B1*(1+A2/100)
```

B8 itakupa kama 1.325. Maana yake kilichokuwa kinanunuliwa kwa shilingi 1,000 mwaka 2015, mwaka 2022 kilihitaji kama 1,325. Siyo 1,287. Kwa miaka miwili mitatu tofauti ya kujumlisha na kuzidisha haionekani sana, ndo maana watu wanazoea kujumlisha, lakini miaka ikifika saba au kumi inaanza kukuumbua.

Napenda hii ya kuvuta chini kuliko kuweka yote kwenye seli moja kwa sababu unaona kila mwaka umefika wapi. Mfano B7, ambayo ni 2021, inasoma kama 1.27. Mshahara ulikuwa bado 300,000 ile ile, kwa hiyo ukigawa 300,000 kwa 1.27 unapata kama 236,000 ya hela za 2015. Yaani mtu hajapunguziwa hata senti kwenye karatasi ya mshahara ila zaidi ya moja ya tano ya uwezo wake wa kununua imeshayeyuka. Hiyo ukiangalia mwanzo na mwisho tu huioni.

Hatua ya tatu: chagua mwaka mmoja na upeleke hela zote huko

Hapa una uhuru. Ukitaka kuipeleka hela ya zamani kwenye mwaka mpya unazidisha, 300,000 mara 1.3246 inakuwa kama 397,000. Ukitaka kuirudisha hela mpya nyuma unagawa, 370,000 gawa kwa 1.3246 inakuwa kama 279,000. Sasa linganisha: 370,000 na 397,000 kwa hela za 2022, au 279,000 na 300,000 kwa hela za 2015. Njia zote mbili zinakupa jibu lile lile, mtumishi yuko chini kwa karibu asilimia 7 kuliko alivyokuwa 2015. Hiki ndo kipimo changu cha haraka cha kujua kama nimekosea, nafanya kwenda na kurudi na asilimia zisipofanana kuna mahali nimezidisha badala ya kugawa.

Kwa hiyo lile jibu la "kaongezewa asilimia 23.3" limegeuka kabisa. Aliongezewa ndiyo, ukilinganisha na Juni 2022 alipata nafuu ya kweli, lakini ukilinganisha na 2015 alikuwa bado hajarudi alipoanzia.

Ila usiishie hapo ukaanza kupiga kelele, kwa sababu hadithi iliendelea. Mei Mosi 2025 kule Singida ilitangazwa kwamba kuanzia Julai kima cha chini kinatoka 370,000 kwenda 500,000, nyongeza ya asilimia 35.1. Endeleza safu yako: 2023 ni 3.8, 2024 ni 3.1, 2025 ni kama 3.3. Kizidisho kutoka 2015 kinafika kama 1.464, kwa hiyo ile 300,000 ya 2015 ni sawa na kama 439,000 ya 2025. Sasa 500,000 imezidi 439,000 kwa karibu asilimia 14. Kwa macho mshahara umepanda kwa asilimia 66.7 ndani ya miaka kumi, kwa uwezo wa kununua ni 14, na karibu nafuu yote hiyo imekuja mwaka wa mwisho.

Mtu anayetaka kusifia atakuonyesha ile 66.7, anayetaka kulaumu atakukatia hesabu pale 2022. Wote wawili namba zao ni za kweli. Mi nikiandika ripoti naweka miaka yote mitatu kwenye meza moja basi.

Usitoe, gawa

Hili limenikuta mwenyewe. Miaka ya nyuma niliandika taarifa ya ofisi fulani nikataka kuonyesha nyongeza halisi, nikachukua asilimia ya nyongeza nikatoa asilimia ya mfumuko, nikaipeleka. Bosi akanirudishia na mduara mwekundu. Tuchukue 2022 hadi 2025: nyongeza 35.1, bei zimepanda kama 10.5, ukitoa unapata 24.6. Lakini ukifanya kwa njia ya hatua ya tatu, 370,000 inakuwa kama 409,000 kwa hela za 2025, na 500,000 imezidi hapo kwa asilimia 22. Kutoa kunakupa picha ya haraka namba zikiwa ndogo, zikiwa kubwa kunakuongopea.

Wale wanaotumia fahirisi moja kwa moja

Badala ya asilimia za kila mwaka unaweza kuchukua fahirisi ya bei za mlaji, yaani namba inayoonyesha bei ya kapu la bidhaa na huduma imefika wapi ukilinganisha na mwaka wa kizio uliohesabiwa kuwa 100, ukagawa ya mwaka mpya kwa ya mwaka wa zamani, ni njia fupi na nzuri, ila ina mtego mmoja mbaya. NBS huwa wanabadilisha mwaka wa kizio. Fahirisi ya sasa inahesabu 2020 kuwa 100, ile iliyotangulia ilihesabu Desemba 2015 kuwa 100. Sasa mtu anachukua 100 ya Desemba 2015 kutoka chapisho la zamani na 100 ya 2020 kutoka chapisho jipya, anagawa, anapata 1, anahitimisha kwamba bei hazikupanda kabisa kwa miaka mitano! Wakati kwa hesabu yetu ya juu, hadi 2020 zilishapanda kwa kama asilimia 22 toka 2015.

Dalili yake ni hiyo, ukiona bei karibu hazijasogea kwa miaka mingi shuka chini ya jedwali usome pameandikwa mwaka gani ni 100. Kama miaka ya kizio ni tofauti tafuta jedwali moja lenye miaka yako yote, au rudi kwenye asilimia za kila mwaka kama tulivyofanya.

Hii hesabu inakwambia nini na haikwambii nini

Nimetumia wastani wa mwaka mzima kwa sababu mishahara ya serikali inabadilika Julai, na Julai ni katikati ya mwaka, kwa hiyo wastani unakaa vizuri. Kama hela yako ni ya Januari au Desemba, mfano mkataba wa kodi ya nyumba, chukua fahirisi ya mwezi husika.

Alafu kapu la NBS ni la kaya za nchi nzima, chakula na vinywaji visivyo vilevi vimepewa uzito wa kama asilimia 28. Mtu wa kima cha chini mwenye watoto wanne hatumii asilimia 28 kwenye chakula, anatumia zaidi ya hapo, kwa hiyo mwaka ambao mchele na maharage vimepaa yeye ameumia kuliko namba inavyosema, na mwaka ambao nauli na mafuta ndo vimepaa inaweza kuwa kinyume.

Na hizi zote ni za mshahara ghafi. Kwenye kinachoingia mkononi kuna PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ambayo mwaka 2015 ilianza kukata juu ya 170,000 kwa mwezi na toka Julai 2020 inaanza juu ya 270,000, kwa hiyo ukitaka kujua mtu anaondoka na nini benki, kata kwanza makato ya kila mwaka kwa sheria ya mwaka huo, ndo uje kwenye mfumuko. Ukianza na mfumuko alafu ukakate kodi ya leo kwenye mshahara wa 2015 umeshachanganya tena miaka miwili.