RAM ya "8GB + 8GB" si GB 16

Ukiona boksi la simu limeandikwa RAM "8GB + 8GB", jua RAM ya kweli ni ile 8 ya kwanza. Ya pili imemegwa kwenye hifadhi ya ndani, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM, tena inakula nafasi ya picha zako.

Kazi ya RAM ni kuziweka programu wazi. Pima hivi: anza kuandika ujumbe WhatsApp, nenda Facebook, piga picha, kisha rudi. Ukikuta palepale ulipoachia, RAM inatosha, na kuiongeza hakutakupa kasi. Programu ikianza upya kila mara, hapo RAM imebana. Ila simu ikigandaganda hata ndani ya programu moja tu, kagua prosesa na hifadhi: hifadhi ya aina ya eMMC ni nzito kuliko ya UFS, na hifadhi yoyote ikikaribia kujaa ndiyo balaa. Futa kwanza video za magrupu.

Kwa Android ya WhatsApp, TikTok na kutuma pesa, GB 6 zinatosha, 4 utavumilia. Chukua 8 kama unacheza gemu nzito au utakaa na simu miaka mingi. Zaidi ya hapo, afadhali hela iende kwenye prosesa.